Maagizo yamefika, insha iko wapi?

*Niko Kadutu, hapa Bukavu, na sekretariati ndogo: ninachapa na kusahihisha. Watu wananitumia maagizo marefu ya kusahihisha, lakini insha yenyewe haimo. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alifanya hivyo, na kwa kuwa nilikuwa na insha yake kwenye kompyuta, nilisahihisha ile. Kumbe siyo aliyoitaka, na hakunilipa. Nijibu vipi ujumbe kama ule? Na kuna kitu ninachoweza kuanza wakati ninangoja?*

Dada, kabla ya kumwambia mteja lolote, bonyeza "Lire la suite" chini ya ujumbe wake wa WhatsApp. Siku moja nilimwandikia mama mmoja kwamba insha yake haijafika, naye akanijibu kwa upole uliouma kuliko tusi kwamba iko pale pale, chini ya maagizo. WhatsApp hukunja ujumbe ukiwa mrefu. Maagizo yakijaza sehemu inayoonekana, insha iliyobandikwa chini yake inabaki imefichwa, na wewe unaapa hukuona kitu. Kwenye barua pepe hali ni hiyo hiyo: mtu akijibu barua ya zamani, maandishi ya chini hufichwa nyuma ya nukta tatu, na insha inaweza kuwa imelala humo. Pandisha pia mazungumzo juu kidogo. Wengine hutuma faili asubuhi bila neno, kisha maagizo jioni.

Ukishahakikisha kwamba haimo kweli, usiguse faili lolote, la zamani wala la jana. Insha ya mwanafunzi haina toleo moja. Ile uliyokuwa nayo kwenye kompyuta huenda mwalimu wake alikwisha kuikataa, au yeye mwenyewe alikwisha kuandika upya aya mbili. Kazi yako kwenye toleo lile haiwezi kuhamishiwa kwenye toleo jipya, maana makosa ya huku siyo ya kule. Ndiyo sababu hakukulipa, na nisikufiche, hata mimi nisingelipa.

Hata hivyo maagizo siyo karatasi ya kuweka kando mpaka insha ifike. Ndiyo sehemu ya kazi unayoweza kuanza. Nikuonyeshe kwa ujumbe mmoja nilioupokea saa nane mchana, nikiacha tu kumtaja mwenyewe:

"Jambo mama. Unisahihishie hii insha. Ni maneno 600, yasizidi. Tosha makosa yote lakini usibadilishe maneno yangu. Iwe Kiswahili sanifu. Kuwe utangulizi, sehemu tatu na mwisho. Nitaitaka kesho saa ine asubuhi. Asante."

Usomaji wa kwanza ni kutenganisha sauti. Mistari mingine ni ya mwanafunzi, mingine ni ya mwalimu wake, na mwanafunzi ameinakili bila kusema. "Utangulizi, sehemu tatu na mwisho" ni agizo la mwalimu kwa mwandishi. Siyo kazi yangu kuziunda hizo sehemu tatu. Nikikuta mbili nitamwambia, basi. "Maneno 600, yasizidi" pia lina harufu ya darasani. Lakini "usibadilishe maneno yangu" ni yeye anayesema, na nyuma yake kuna woga: labda msahihishaji mwingine aliwahi kumwandikia insha nyingine kabisa. Woga huo ninauheshimu kuliko idadi ya maneno.

Usomaji wa pili ni kutafuta maagizo yanayogombana. Hapa yapo mawili. "Usibadilishe maneno yangu" linagombana na "yasizidi 600" ikiwa insha ina maneno zaidi, kwa maana huwezi kupunguza bila kugusa. Ugomvi huo utaamuliwa na insha yenyewe. Ikiwa ina maneno 590, hakuna ugomvi wowote, kwa hiyo sina haja ya kuuliza sasa.

Wa pili ni mgumu zaidi, na ni wa kwetu hapa Kivu. "Usibadilishe maneno yangu" na "iwe Kiswahili sanifu". Mtu wa Bukavu akiandika "batu", "bitu biko mingi", "anakuyaka kila siku", je, nikiandika "watu", "vitu ni vingi", "huja kila siku", nimesahihisha makosa au nimebadilisha maneno yake? Katika maelezo ya mwandishi jibu ni wazi: nimesahihisha. Lakini kama ndani ya insha kuna mama wa sokoni anayesema, maneno yake yako kati ya alama za mtajo, na nikimfanya aongee kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam nimeharibu insha. Bila kuiona huwezi kujua "bitu" ni kosa au ni sauti ya mtu. Mwenye kuanza kazi kwa kukisia angeshindwa hapo hapo.

Na usimpime mtu kwa lugha ya maagizo yake. "Tosha makosa" na "saa ine" ni Kiswahili cha simu. Watu wengi hapa wanaandika ujumbe namna wanavyoongea, kisha insha wanaandika kwa Kiswahili cha shule kilichonyooka. Nimeona hata mchapaji mmoja aliyesahihisha maagizo yenyewe na kumrudishia mteja, akifikiri ndiyo kazi. Mteja aliudhika, na alikuwa na haki.

Basi, jibu. Liwe ujumbe mmoja, siyo mitano. Mtu ananunua mega za kuhesabu, na kila swali linalosubiri jibu linakula saa ya kazi yako. Hili ndilo nililomtumia:

"Jambo dada. Maagizo nimeyapata yote. Upande wangu naona ujumbe mmoja wa maandishi tu, hakuna faili wala insha chini yake. Tafadhali nitumie faili lenyewe la Word, au bandika insha nzima hapa. Pamoja nayo niandikie maneno manne ya kwanza na manne ya mwisho ya insha. Ikinifikia kabla ya saa kumi na mbili jioni, utaipata kesho saa tatu. Swali moja: ndani yake kuna watu wanaoongea Kiswahili cha hapa? Kama wapo, niwaache waongee vile?"

Tazama nilivyosema "upande wangu naona". Sikusema "hujatuma", kwa sababu mara nyingi ametuma kweli, au anaamini ametuma. Nikisema ninachokiona, anajua mahali pa kutafuta bila kujitetea. Maneno ya kwanza na ya mwisho nitayarudia mbele kidogo. Kuhusu saa, kazi inaanza kuhesabiwa pale insha inapofika na kufunguka. Kwa insha ya kawaida, iliyochapwa vizuri, mimi hupita kurasa nane hadi kumi kwa saa, nikihesabu ukurasa mmoja kuwa maneno 250. Insha ya maneno 600 hainishindi jioni moja. Lakini nikiahidi "kesho saa nne" bila kutaja saa ambayo insha lazima inifikie, nimeahidi kitu nisichokijua. Bei ni vile vile: usitaje bei kwa maagizo. Kuna kurasa tatu zinazosahihishwa kwa nusu saa, na kuna tatu zinazokula nusu siku.

Swali nimeuliza moja tu. Yale mengine, kama sehemu tatu zipo, kama alama za uandishi zimewekwa Kifaransa, kama ni makosa ya herufi au ya sarufi, insha ikifika itajibu yenyewe. Uliza lile tu ambalo hata insha haitalijibu, au ambalo jibu lake litakupa tabu ukilipata saa tano usiku.

Sasa, kwa nini insha haifiki? Sababu ya kwanza hapa mjini ni mtandao. Mtu anatuma maagizo na faili kwa pamoja. Maandishi ni mepesi, yanatoka mara moja. Faili ni nzito, inabaki na alama ya saa ndogo kwenye simu yake, maana haijatoka. Yeye anaona ujumbe umepata tiki mbili, anazima data ili mega zisiishe, na faili inalala hapo hadi kesho. Kwa hiyo ukimwambia aangalie, mwambie aangalie faili lenyewe: lina saa ndogo, au lina tiki? Likiwa na saa, awashe data na asubiri mpaka tiki itokee.

Sababu nyingine ndiyo iliyompata huyu dada wa maagizo ya juu, na wachapaji wengi hawaijui. Baada ya jibu langu alituma faili. Jina lake lilikuwa:

```
~$SHA RUZIZI.docx
```

Lilikuwa na baiti 162, na Word ilikataa kulifungua. Baiti 162 hazitoshi hata kwa aya moja, seuze insha. Hilo siyo insha iliyoharibika, na ni bure kutafuta namna ya kuitengeneza. Ni alama ambayo Word huiweka pembeni mtu anapofungua faili, ili mwingine asiifungue wakati huo huo. Ndani yake mna jina la mtumiaji tu. Word ikifungwa vizuri, alama hufutika. Umeme ukikatika Word ikiwa wazi, alama inabaki. Kwenye Windows kwa kawaida huwa imefichwa, lakini mtu akichomeka flashi kwenye simu, mara nyingi ataiona pamoja na mafaili mengine, tena ina jina linalofanana na insha yake. Kwa majina marefu Word huondoa herufi mbili za mwanzo na kuweka `~$`, kwa hiyo kutoka kwenye jina hilo nilijua faili la kweli linaitwa "INSHA RUZIZI.docx", na liko kwenye folda ile ile. Nilimwandikia hivyo. Dakika kumi baadaye faili lilifika.

Ya tatu ni ya flashi zinazozunguka kwenye sekretariati zetu. Mteja anakuletea flashi, unaona insha ina mshale mdogo kwenye picha yake, na Windows inaandika aina yake kuwa "Raccourci", uzito kilobaiti moja au mbili. Hiyo ni njia ya mkato, siyo insha. Kama ni moja tu, mteja alinakili njia ya mkato kutoka kwenye skrini ya kompyuta yake, na insha imebaki nyumbani. Kama kila kitu kwenye flashi kina mshale, ni virusi. Vimeficha mafaili ya kweli na kuweka njia za mkato mahali pake, na ukibonyeza moja unavifungulia mlango. Usibonyeze. Pitisha antivirusi kwanza, kisha fungua dirisha la amri na uandike, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Amri hiyo haiui virusi. Inafichua tu yaliyofichwa, na mara nyingi insha hujitokeza ikiwa nzima.

Kiungo cha Google Drive sitakaa nacho sana. Ukikibonyeza na kuona "Demander l'accès", mwambie mwenyewe abadilishe "Limité" kuwa "Tous les utilisateurs disposant du lien". Wewe ukibonyeza kuomba ruhusa na yeye hana data, mtangojeana.

Turudi kwenye insha ya dada. Iliyofika sasa ilifunguka vizuri, inazungumzia taka za plastiki zinazotupwa Ziwa Kivu na kusukumwa na maji hadi kwenye bwawa la Ruzizi, ambako huziba mitambo na mji unakosa umeme. Mada nzuri, na tunaijua kwa macho yetu. Lakini kabla ya kusahihisha hata nukta moja, nilitazama maneno aliyoniandikia. Ya kwanza yalilingana. Ya mwisho alisema ni "kwa watoto wetu kesho". Faili langu liliishia "yanapita mto Ruzizi bure".

Ilikuwa toleo la zamani. Tazama jinsi ingekuwa rahisi kuanguka: jina sawa, mada sawa, mwanzo sawa. Watu hurekebisha mwisho kuliko mwanzo, kwa hiyo anayeangalia mstari wa kwanza tu atadanganyika karibu kila mara. Kulinganisha mwanzo na mwisho ndiko kungekuokoa wiki iliyopita. Nilimwandikia: "Faili nililopata linaishia 'yanapita mto Ruzizi bure'. Ndilo?" Akajibu hapana, ile mpya ipo kwenye kompyuta ya kaka yake. Ilifika saa kumi na moja na nusu, na safari hii mwanzo na mwisho vyote vililingana.

Kisha idadi. Word, chini kushoto, ilionyesha maneno 734. Usishtuke haraka. Hesabu ile inachukua kila kitu kilichomo: ukurasa wa kwanza wenye jina la shule, jina lake, somo, mwaka, na kichwa cha insha. Nilichagua kwa kipanya insha peke yake, toka utangulizi hadi "kesho", na Word ikaonyesha 673. Bado maneno 73 yalizidi. Sasa ule ugomvi wa maagizo ukawa wa kweli, na nikawa na haki ya kuuliza swali la pili. Kama ningeuliza saa nane ningeulizia kivuli.

Hapo palihitaji busara kidogo. Kupunguza maneno 73 kutoka 673 siyo kusahihisha tena, ni kuhariri, na alikwisha kunikataza kugusa maneno yake. Sikukata. Nilisahihisha yote yaliyokuwa makosa, kisha nikaweka maoni pembeni, kupitia "Révision", kwenye sentensi nne ambazo zilirudia jambo lililokwisha kusemwa. Nilihesabu maneno ya kila moja na kuyaandika: 22, 19, 17 na 18. Jumla 76. Akizitoa zote anabaki na 597, na uamuzi ni wake. Mwanafunzi anayekata sentensi zake mwenyewe anaweza kujibu mwalimu akiulizwa. Kwa anayekatiwa ni shida.

Na yule mama wa sokoni? Alikuwepo, sikukosea. Katika sehemu ya pili anasema: "Bitu bya plastiki biko mingi mu maji, samaki itaishi wapi?" Dada alikuwa amenijibu nimwache aongee vile, kwa hiyo nilimwacha, nikaangalia tu kwamba alama za mtajo zimefunguka na kufungwa. Lakini mistari mitatu chini yake, mwandishi mwenyewe aliandika "batu wengi banatupa taka". Hiyo ilikuwa nje ya mtajo. Nikaandika "watu wengi wanatupa taka", na kwa maagizo yale yale mawili nilikuwa nimemtii pande zote.

Nilikuta pia kitu ambacho utakiona kila wiki: nafasi kabla ya alama ya kuuliza na ya nukta mbili. Word ikiwekwa kwenye Kifaransa huziongeza yenyewe mtu anapochapa. Kwa Kiswahili ziondoe, lakini mwambie mteja umeondoa, maana akifungua faili na kuona mabadiliko arobaini yenye rangi, wakati ameomba usibadilishe kitu, moyo utamruka. Mimi huondoa hizo bila kuziwekea rangi, na naandika mstari mmoja juu ya ujumbe ninapomrudishia.

Kuhusu huyo mwanafunzi wako, usimdai pesa ya kazi uliyofanya kwenye insha asiyoitaka. Lakini kama insha ya kweli alikuletea saa za mwisho na ukaifanya, hiyo lipisha kikamilifu, kwa bei ya siku zote. Na ile ya zamani itoe kwenye folda ya kazi, iweke kwenye folda nyingine yenye tarehe, ili ujumbe mwingine ukija bila insha usiwe na cha kushika.